Mke Wake Alikuwa Nje na Sufuria

Nitamwita Fundi. Kazi yake ya kweli haikuwa ya ufundi, umri wake nimeubadilisha, na mtaa nitakaoutaja si wake. Kilichobaki kama kilivyokuwa ni makosa yangu. Ninayaandika kwa madaktari na wauguzi wanaoanza kama nilivyoanza mimi, na kwa familia ambazo siku moja zitamtoa mtu wao hospitali ya akili na kudhani kazi imekwisha. Jinsi alivyokufa sitaisimulia, haimsaidii mtu. Na kama wewe unayesoma ndiye uliyechoka hadi unatamani kufa, weka hii kando kwanza. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani leo hii, kwa maneno ya wazi, kisha mwende wawili kituo cha afya kilicho karibu, hata kama ni usiku.

Nilikuwa asista wa mwaka wa pili, hapa Lubumbashi, nikisomea magonjwa ya akili. Ilikuwa Januari, mvua kila siku. Fundi aliletwa kutoka Katuba na mke wake pamoja na mkubwa wake, yaani kaka yake, baada ya kujaribu kujiua mara ya kwanza. Alikuwa mchomeleaji, kampuni ndogo iliyokuwa ikifanya kazi za migodini ilikuwa imewasimamisha yeye na wenzake miezi minne kabla. Halali usingizi, hali chakula, mwili umekonda hadi mkanda umetobolewa matundu mapya kwa msumari. Alikuwa akisema jambo moja tu: kwamba yeye ni mzigo, na mzigo unatuliwa. Sonona kali, hilo halikuwa na utata. Tukamlaza.

Alikaa siku 19. Siku za kwanza alitazama ukuta. Siku ya 12 akaomba redio. Siku ya 15 alinyoa ndevu, na jioni yake nilimkuta akicheza dama na muuguzi, tena akimshinda. Nilifurahi sana. Sikuwa bado nimepata wagonjwa wengi ambao niliwaona wenyewe wakitoka shimoni, na huyu nilimhesabu kuwa wangu.

Upande wa pili kulikuwa na deni. Kwetu familia hulipa kila kitu: kitanda, dawa, vipimo, na chakula kinatoka nyumbani. Mkubwa wake ndiye aliyekuwa akilipa. Kila asubuhi alinisimamisha mlangoni akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, akanisomea hesabu: jana tumefikia hapa, leo itafika hapa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekopa, na waliomkopesha walikuwa wameanza kumpigia simu.

Ijumaa ya siku ya 19 alikuja na taksi, ikabaki nje injini ikinguruma. Mimi nilikuwa nimetoka gadi ya usiku, na wagonjwa wengine kumi na zaidi walikuwa wananingoja. Tuliingia ofisini watatu: mimi, Fundi, na mkubwa wake. Mke wake alibaki kwenye benchi la nje, na sufuria aliyoleta asubuhi imefungwa kwenye kitenge. Nilimpita nikamwambia, "Jambo, mama," naye akaitikia akisimama nusu, kama mtu anayedhani ameitwa. Sikusimama.

Mazungumzo yenyewe hayakufika dakika tano.

"Usingizi?"

"Inakuya, Dokta."

"Chakula?"

"Nakula muzuri."

"Na yale mawazo ya kujiua?"

Alimtazama mkubwa wake. Kwa hakika alimtazama, hilo nimelirudia kichwani mara nyingi kiasi kwamba siwezi kukosea. Kisha akacheka kidogo. "Hapana, Dokta. Ile mambo ilishaisha. Miye niko muzuri."

"Unaona?" mkubwa wake akasema, na kusimama.

Nikaandika kwenye fishi, karatasi ya mgonjwa: mawazo ya kujiua, hakuna; hatari, ndogo; randevu, siku 30. Dawa za siku 30 nilimkabidhi yeye mwenyewe mkononi, ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu nauli ni ghali na sikutaka kuwasumbua kurudi mara kwa mara. Wakati ule niliona huo ni wema.

Alikufa siku ya sita.

Nilipata habari Alhamisi, koridoni, kutoka kwa muuguzi yule aliyecheza naye dama. Mkubwa wake alikuwa amepiga simu. Ninachokumbuka si huzuni. Huzuni ilikuja baadaye. Kwanza niliingia ofisini nikatafuta fishi yake, nikaisoma mistari ile mitatu ya mwandiko wangu, na kalamu ilikuwa tayari mkononi. Nilitaka kuongeza sentensi moja, kwamba familia ilishauriwa kumwangalia kwa karibu. Sikuiongeza, lakini nisijisifu: muuguzi alikuwa amenifuata na kusimama mlangoni. Ninalisema hili kwa sababu najua si mimi peke yangu ambaye kalamu imewahi kumwita. Fishi iliyoguswa baada ya kifo haikufundishi kitu tena, wewe wala anayekuja nyuma yako.

Shefu wetu alifunga mlango wa ofisi yake. Hakuniambia si kosa langu, na namshukuru, kwa maana nisingemwamini. Alisema, "Leo hauoni wagonjwa. Enda ukule, kisha urudie, tusome fishi pamoja." Alipoona sinyanyuki, akaniambia kwamba yeye amewapoteza watatu, na kwamba wa kwanza bado anakumbuka viatu vyake. Miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kusikia hilo. Mafunzo yetu yana somo la kila dawa, lakini hakuna siku hata moja iliyotengwa kwa jambo ambalo kila mmoja wa walimu wetu amelipitia akanyamaza nalo.

Kuhusu kwenda kilioni, wenzangu walinionya: watakupiga. Shefu alimpigia mkubwa wake Fundi simu kwanza, akaomba ruhusa badala ya kutangaza kwamba tunakuja. Ruhusa ikatolewa. Tulikwenda wawili, siku ya tatu, bila koti jeupe, tukatoa mchango wetu kama watu wote, tukakaa kwenye viti vya plastiki chini ya hema. Hatukueleza chochote. Tulisema pole, tukakaa. Hilo ndilo ningemshauri mwenzangu yeyote: omba ruhusa, usiende peke yako, usiende kujitetea, na usiende kutafuta kusamehewa. Watu waliofiwa wana kazi nyingine.

Tulipokuwa tunaaga, mke wake alitusindikiza hadi barabarani. Hakupaza sauti. "Dokta, ile siku nilikuwaka pale inje. Hamukuniita."

Kisha, tukiwa tumesimama pembeni ya mtaro uliojaa maji ya mvua, akanieleza aliyoyajua. Wiki ile ya mwisho hospitalini, wiki ya redio na dama, mumewe alikuwa amemwelekeza zilipo karatasi za kiwanja. Mashine yake ya kukatia chuma alikuwa ameagiza apewe mpwa wake. Siku moja alimshika mkono akamwambia, "Batoto utawalea muzuri, nakujua." Tena, usingizi haukuwa umerudi. Alikuwa analala kitandani macho wazi, na yeye mke, aliyelala chini kwenye mkeka kama mlinzi wa mgonjwa, alimsikia usiku kucha. Muuguzi akipita na tochi, Fundi alifumba macho. Hakumwambia mtu, kwani shemeji yake ndiye aliyekuwa msemaji wa familia, na mke hamrukii shemeji mbele ya daktari. Alingoja aulizwe.

Tuliposoma fishi na shefu, alinionyesha jambo ambalo lilikuwa limekaa miezi kwenye kabati letu. Mwongozo wa mhGAP, mpango wa afya ya akili wa Shirika la Afya Duniani, unasema mtu aliyejaribu kujiua afuatiliwe kwa karibu sana mwanzoni, kwa mfano kila wiki kwa miezi miwili ya kwanza. Mimi niliandika siku 30. Na hilo la wiki za kwanza si tahadhari ya vitabu tu. Tafiti za nchi mbalimbali zinakubaliana kwamba muda wa hatari kubwa kwa mgonjwa wa akili ni siku na wiki zinazofuata kutoka hospitali. Anarudi kwenye nyumba ile ile, deni limeongezeka, majirani wanachungulia, na mlinzi wa usiku hayupo tena. Sisi tuliandika "ametoka" kana kwamba ni neno la mwisho.

Tena nilikuwa nimelitegemea jibu la "hapana" kama kipimo cha malaria. Mwaka 2003 kuna madaktari wa Marekani waliopitia mafaili ya wagonjwa 76 waliojiua wakiwa wamelazwa au mara tu baada ya kuruhusiwa. Katika wale ambao maneno yao ya mwisho kuhusu jambo hilo yaliandikwa, karibu 8 kati ya 10 walikuwa wamekana. Kwa hiyo kukana hakufuti chochote. Mtu hukana kwa aibu, kwa kuogopa kuzuiwa asirudi nyumbani, kwa kumhurumia anayelipa, na wakati mwingine kwa sababu ameshaamua, na uamuzi wenyewe ndio uliomletea utulivu ule tunaouita nafuu. Siwezi kusema Fundi alikuwa yupi. Ninachojua ni kwamba nilimuuliza mbele ya mtu aliyekuwa na karatasi ya deni mfukoni.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo nikawa daktari bora. Kwa miezi miwili nilikuwa daktari mbaya zaidi. Kila mgonjwa nilimwandikia hatari kubwa. Niliwauliza kama polisi, nikikodoa macho kwenye uso badala ya kusikiliza. Niliwazuia watu ambao walistahili kwenda nyumbani, na bili zao zikapanda. Kijana mmoja aliruka ukuta usiku, familia ikamkuta kwao asubuhi anakunywa chai. Mama yake aliponijia na kuniuliza, "Dokta, unamuchunga yeye ao unajichunga wewe?" sikuwa na jibu. Kitanda cha Fundi nilikikwepa kwenye ziara, nikianzia upande wa pili wa wodi. Usingizi wangu mwenyewe ulikuwa umekatika. Shefu ndiye aliyeona, akanipangia kuonana na daktari wa hospitali nyingine asiyenisimamia. Nilikwenda mara nne. Mara ya kwanza nilizungumza juu ya dozi za dawa kwa nusu saa nzima.

Siku hizi naanza na kuhamisha viti. Mgonjwa namwona peke yake. Kisha, kwa ruhusa yake, namwona peke yake mtu anayelala naye nyumba moja. Anayelipa namwona wa mwisho. Mara nyingi anayelipa na anayejua usiku ulivyokwenda ni watu wawili tofauti, na kwetu huyo wa pili kwa kawaida ni mwanamke aliye nje. Mgonjwa akikataa nisizungumze na mtu wa kwao, namsikiliza sababu, na namweleza mapema kwamba siri yake nitaitunza ila pale maisha yake yatakapokuwa hatarini.

Swali nalo siliulizi tena kwa mpigo mmoja. Neno "kujiua" ni zito mdomoni, wengi hulisikia kama mashtaka ya kanisani, wanajitetea kabla ya kufikiri. Napanda ngazi polepole. Kuna usiku unachoka na maisha? Kuna siku unatamani usiamke? Imefika kuwaza kujimaliza mwenyewe? Umeshafikiria namna, umeandaa kitu? Nini kilikuzuia mpaka leo? Hilo la mwisho ndilo lenye mali zaidi, na watu hulijibu kwa urefu. Wapo wanaoogopa kwamba kuuliza kunampandia mtu wazo. Hakumpandii. Wengi hushusha pumzi kama waliotuliwa gunia. Pia nimejifunza kusikia maneno yanayozunguka: "nataka kupumzika", "nitawaachia nafasi", "mtanikumbuka". Kwa mke au mume nauliza mambo ya mikono badala ya mambo ya moyo: amegawa kitu chake? Ameaga mtu? Ameonyesha zilipo karatasi? Usiku anafanya nini?

Dawa natoa za siku 7, na mfuko anaushika mtu wa nyumbani, si mgonjwa. Tunazungumza pia vitu vya hatari vilivyomo ndani ya nyumba, vihamishiwe kwa jirani au kwa ndugu kwa muda. Wengine wanaona ni kumdhalilisha mtu mzima. Nawaeleza kwamba hamu ya kufa huja kama wimbi, hupanda na kushuka, na kinachotakiwa ni pasiwe na kitu karibu wakati wimbi limepanda.

Kisha kuna daftari. Ni daftari la kawaida la shule, lenye mistari, linalokaa kwa muuguzi mkuu. Tumelianzisha baada ya shefu kutusomea utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2008, uliofanywa katika nchi tano: Brazili, Uhindi, Sri Lanka, Irani na China. Watu 1,867 waliofikishwa hospitali baada ya kujaribu kujiua waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Jingine, pamoja na huduma hiyo, lilipata mazungumzo ya saa moja kabla ya kutoka, halafu simu au ziara tisa katika miezi 18, nyingi zikiwa katika wiki za mwanzo. Waliokufa kwa kujiua walikuwa asilimia 2.2 katika kundi la kwanza na asilimia 0.2 katika lile la simu. Tafiti nyingine za namna hiyo hazikupata tofauti kubwa kiasi hicho, kwa hiyo silichukulii kama ahadi. Lakini ni jambo ambalo hata hospitali isiyo na kitu inaliweza.

Sisi tunapiga siku ya tatu, na randevu ya kwanza haizidi siku ya saba. Mwanzoni tulikosea: tuliandika namba moja tu. Umeme ukikatika siku mbili, simu zote za mtaa zimezima. Sasa tunaandika namba tatu, mojawapo ya mtu wa mtaa mwingine. Vocha ilitoka mifukoni mwetu kwa miezi mitano, na kuna wiki ambazo simu hazikupigwa kwa sababu hiyo tu. Wapo wasiopokea kabisa. Wapo waliodhani tunadai bili, wakabadilisha namba! Siku hizi tunaanza kwa kusema, "Hatupigi kwa ajili ya pesa."

Mwisho ni ile karatasi ya kujilinda, mpango ambao mgonjwa anauandika mwenyewe kabla ya kutoka. Ilibuniwa na Barbara Stanley na Gregory Brown huko Marekani, ina hatua sita, na ukiijaza kama fomu haina maana. Binti mmoja wa miaka ishirini na kitu tuliandika naye saa nzima. Dalili yake ya kwanza haikuwa kulia. Ilikuwa hivi, kwa mwandiko wake: "Naanza kukunja nguo za watu wote usiku." Akishaona hivyo, anawasha redio na kuosha vyombo. Isipotosha, anakwenda kukaa kwa shangazi, bila kulazimika kueleza. Ikizidi, anamwambia shangazi neno waliloafikiana. Kisha namba yetu, kisha milango ya dharura. Na shangazi ndiye anayeshika dawa. Karatasi ile aliikunja akaiweka nyuma ya kifuniko cha simu. Miezi mitatu baadaye alikuja kliniki nayo imechakaa kwenye mikunjo, ikawa ni ishara kwangu kwamba ilikuwa imefunguliwa.

Agosti mwaka ule mkubwa wake Fundi alikuja kumalizia deni la bili. Sikujua kwamba bado alikuwa akilipa. Kutoka kwa kasha, mahali pa kulipia, alipita ofisini kwangu, akakaa kwenye kiti kile kile bila kuvua kofia.

"Dokta," akasema, "ile siku, mbele yangu, asingeweza kukuambia, si ndiyo?"

Nilimwambia ni mimi niliyewaweka chumba kimoja. Yeye alikuja kumchukua mdogo wake nyumbani. Kupanga nani aingie na nani angoje ilikuwa kazi yangu.

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akatoa ile karatasi iliyokunjwa mara nne, akaifungua juu ya meza, akaniuliza kama naweza kumwekea muhuri kwamba imelipwa yote.

Muhuri ulikuwa kwa kasha. Nilikwenda naye.